Ahadi za Harusi Zisomwe Chumbani, Mwenye Haya Asisimamishwe Ukumbini



Siku hizi katika harusi zetu za Unguja, na hata Pemba, umeingia mtindo wa bwana na bibi harusi kuandikiana ahadi na kusomeana mbele ya watu. Bwana harusi akishaingia ukumbini na kukaa na mkewe, mshereheshaji anampa kipaza sauti, simu zote zinainuliwa juu, na ukumbi mzima unangoja asikike anasema nini. Kwa wenye ulimi mwepesi jambo hili hupita salama. Lakini wapo watu, na ni wengi, ambao kuonesha hisia mbele za watu kwao ni adhabu. Rai yangu ni kwamba ahadi ziandikwe, tena ziandikwe vizuri, ila mmoja wenu akiwa mwenye haya zisomwe chumbani, mkiwa wawili tu.

Tuanze na nikahi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapochanganya. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, nguzo za ndoa ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Walii au wakili wake anaozesha, bwana harusi anajibu kwamba amekubali, na ndoa imekwisha kufungwa. Ahadi za kusomeana hazimo katika nguzo hizo. Ukizisoma ndoa haizidi kusihi, na usipozisoma haipungui kitu. Kwa hiyo hakuna anayelazimika kuzisema mahali fulani, saa fulani, mbele ya watu fulani. Mko huru kuchagua.

Tena dini yetu imemjali mwenye haya tangu zamani. Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alipomwambia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mwanamwali huona haya kusema anapoombwa idhini ya kuolewa, Mtume alimjibu kuwa kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Bukhari. Fikiria uzito wa jambo lenyewe, ndoa nzima, na bado mwenye haya hakulazimishwa kupaza sauti. Itakuwaje basi sisi tumlazimishe mtu kwa ajili ya video?

Kinachonitia hofu zaidi ni kile kinachobaki moyoni mwa biharusi baadaye. Ukumbi wetu mara nyingi ni wa wanawake. Bwana harusi anaingia amezungukwa na wanawake mia na zaidi ambao si maharimu zake, wamejipamba, na yeye amefundishwa tangu utoto ainamishe macho. Hapo anapewa karatasi. Anaisoma mbio, sauti haitoki, anaruka mistari, wasichana wanacheka. Biharusi aliyengoja maneno hayo miezi mitatu anajiambia, "Kumbe hanipendi." Anaipima mapenzi yake kwa dakika mbili zilizokuwa mbaya kuliko zote kwa mwenzake. Na video ikishatumwa mitandaoni, kila akigombana na mumewe ataitazama tena na kupata ushahidi wa uongo.

Sasa utajuaje kama mwenzako ni mwenye haya au hana tu la kusema? Mwambie aandike, na mpe muda. Wiki tatu kabla ya nikahi zinatosha. Mwenye haya ataandika, hata kama ni mistari minne, kwa sababu karatasi haimtazami usoni. Asiyetaka kusema ukumbini, asiyetaka kuandika, na asiyetaka hata kujibu swali moja kupitia kwa dada yake, huyo mzungumzie na walii wako mapema. Usimwekee jina la haya.

Tuchukue mfano. Tuseme biharusi ni mwalimu, maneno kwake hayana shida. Bwana harusi ni fundi wa boti, mtu wa kazi, mkimya hata kwao. Biharusi ametafuta ahadi nzuri mtandaoni, ukurasa mzima, za jua na mwezi na bahari isiyokauka, amempelekea aziseme. Hazitamkaa mdomoni. Hata akizihifadhi, mtu anayemjua atasikia kwamba si yeye anayesema. Kosa la kwanza ni kumwandikia mwenzako ahadi zake.

Badala yake mpelekee maswali matatu tu. Nikimuudhi, nitajuaje, na nifanye nini? Jambo gani dogo ataweza kulifanya kila wiki bila kukumbushwa? Na kitu gani anakiogopa katika ndoa hii? Maswali haya hayamtaki aseme "nakupenda". Yanamuuliza vitu anavyovijua, na fundi hujibu vitu anavyovijua. Tuseme amejibu kwamba akikasirika hunyamaza, kwamba Ijumaa hana kazi, na kwamba anaogopa kumchosha mkewe kwa ukimya wake. Majibu hayo matatu ndiyo ahadi yake. Kilichobaki ni kuyapanga:

"Bismillahi. Mimi si mtu wa maneno mengi, na hilo umeshalijua. Ukiniona nimenyamaza, usidhani siku zote nimekasirika. Nikikasirika kweli, nitajitahidi nikwambie kabla hatujalala, inshaallah. Kila Ijumaa nikirudi msikitini nitakaa na wewe, na simu nitaiweka mbali. Naogopa kukuchosha na ukimya wangu, basi ukichoka niulize, nami nitakujibu. Nimefurahi kwamba ni wewe."

Haifiki dakika moja kuisoma. Ndani yake mna jambo ambalo biharusi anaweza kuliona likitendeka Ijumaa ya kwanza ya fungate, na mna ruhusa ya kumuuliza. Ahadi ya bahari isiyokauka huwezi kuiona ikitendeka siku yoyote.

Na yule mwenye maneno naye ana sehemu yake ngumu. Ahadi ya mwalimu wetu isiwe ndefu mara tano kuliko ya mumewe, maana mwenye haya akiona hivyo atajiona ameshindwa kabla hajafungua mdomo. Kubalianeni idadi, kwa mfano sentensi sita kwa kila mmoja. Kisha ndani ya hizo sita aseme kile ambacho mwenzake anakihitaji zaidi: "Sitakulazimisha kusema ya moyoni mbele za watu. Nitakuuliza tukiwa wawili, na nitakungoja ujibu. Ya chumbani kwetu sitayapeleka kwa shoga wala kwa somo." Kwa mkimya, maneno hayo ni makubwa kuliko shairi.

Mnapoandika, kuna mipaka miwili. Wa kwanza ni kiapo. Mtu akikusudia kuapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, "Wallahi sitakuudhi maisha," kisha akamuudhi mkewe juu ya chai siku ya tatu, amevunja kiapo na inamlazimu kafara. Kafara hiyo imetajwa katika Suratul Maida: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Msiapizane, basi. Semeni "nitajitahidi" na "inshaallah", na muahidi kitendo kilicho mikononi mwenu. Hata hivyo ahadi isiyo kiapo nayo si mchezo, kwani Qurani imetuamrisha kutimiza ahadi na kwamba tutaulizwa juu yake.

Mpaka wa pili ni masharti. Kama unataka uendelee na masomo, au usihamishwe kutoka Unguja, au ubaki kazini, usiyafiche mambo hayo ndani ya karatasi ya mapenzi ukidhani yamekubaliwa. Mwenye haya anaweza kunyamaza, wewe ukadhani ameridhia, naye akadhani ni maneno matamu ya harusi. Mpe walii wako ayazungumze wazi kabla ya nikahi, na sheikh aulizwe lipi linafaa kuwa sharti na lipi halifai, kwa sababu si kila sharti linashika.

Tuje kwenye kusoma. Wakati wake mzuri mimi nauona pale bwana harusi anapoingia kwa mkewe. Sunna imemfundisha aweke mkono juu ya utosi wake, ataje jina la Mwenyezi Mungu na kuomba kheri yake, na imepokewa kwa baadhi ya masahaba kuwa waliwaelekeza maharusi kusali rakaa mbili pamoja. Baada ya hapo moyo umetulia na mlango umefungwa. Mwenye haya aulizwe anataka njia gani: asome mwenyewe, au ampe mwenzake karatasi aisome kimya, au mwenzake amsomee kwa sauti. Njia zote tatu zinahesabika. Simu isiwemo chumbani, na mtu asingojewe alie. Akikupa karatasi huku anatazama dirishani, ameshakuambia.

Kama ni biharusi ndiye mwenye haya, utaratibu ni huo huo, na somo wake asimamie asibughudhiwe na mashoga wanaotaka "kusikia ameandika nini". Karatasi hizo ni za watu wawili. Ziwekwe ndani ya sanduku, na baada ya mwezi mzifungue mtazame Ijumaa zimekwendaje.

Najua baadhi ya mama zetu watasema ukumbi utapooza bila bwana harusi kusema lolote. Basi aseme sentensi moja, aliyoichagua mwenyewe. Amr ibn al-As alipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, ni nani ampendaye zaidi katika watu, jibu lilikuwa jina moja tu: Aisha. Hakuongeza sifa wala maelezo, na mpaka leo tunalisimulia. Kwa hiyo mpigie simu mshereheshaji wako siku mbili kabla, umwambie wazi: kipaza sauti kikimfikia bwana harusi atasema "Alhamdulillah, nimefurahi kumpata," halafu kirudi kwako, na dua isomwe.