Mahema Tuliyolipia kwa Namba za Wazazi

Siku ya Tokeo la Bwana watoto wa Utoto Mtakatifu hufanya sherehe yao parokiani. Katika sherehe moja ya namna hiyo, sisi mafrateri tuliokuwa huko kwa kazi za kichungaji tulipewa jukumu la kuwapanga watoto. Kampuni moja ya vinywaji ilikuwa imejitolea mahema na vipaza sauti, na wote tulishukuru. Baada ya Misa wafanyakazi wake wakaleta mchezo. Mtoto mwenye vizibo vitano vya soda yao alipata kofia yenye nembo. Aliyetaka kushindania baiskeli alijaza karatasi: jina lake, umri, shule anayosoma na namba ya simu ya mzazi. Tuliwapanga foleni. Wale wadogo wasiojua kuandika vizuri, tuliwaandikia sisi.

Wiki iliyofuata wazazi wakaanza kupokea ujumbe wa matangazo kwenye simu, mwingine ukimtaja mtoto kwa jina. Baada ya jumuiya, mama mmoja alituuliza: "Frateri, namba yangu hawa wameipata wapi? Mimi nilimleta mwanangu kanisani, sikumleta dukani." Hatukuwa na jibu la kumpa, kwa sababu mwandiko kwenye karatasi ile ulikuwa wetu.

Tangu hapo tumejiuliza mpaka uko wapi. Wapo waliotuambia kwamba tunakuza jambo dogo, kwani watoto huona matangazo ya soda kila siku barabarani. Ni kweli, lakini bango la barabarani linawatazama wapita njia wote. Mchezo ule ulimlenga mtoto, na hapo ndipo sheria nyingi zinapoanza kuuliza maswali.

Jimbo la Quebec, nchini Kanada, limeishi na katazo hili tangu mwaka 1980. Sheria yake ya kuwalinda watumiaji hairuhusu, isipokuwa kwa nafasi chache, tangazo la biashara linalowalenga walio chini ya miaka 13. Kujua tangazo linamlenga nani, yanaangaliwa mambo matatu: bidhaa yenyewe ni ya namna gani na imekusudiwa nani, tangazo limewasilishwaje, na limetolewa wapi na saa ngapi. Kampuni moja ya vitu vya kuchezea ilipinga katazo hilo mahakamani, lakini mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Kanada ililiacha lisimame. Hoja iliyobeba uzito ni kwamba mtoto mdogo hawezi kupambanua tangazo linalotaka kumshawishi. Mtu mzima akiambiwa kinywaji kitamu kuliko vyote, anajua kwamba anayesema ndiye muuzaji. Mtoto wa miaka sita anasikia mtu mkubwa akimwambia ukweli.

Tukiyapeleka maswali yale matatu kwenye sherehe yetu, majibu yanakuja yenyewe. Kinywaji kinanywewa na watu wa rika zote, kwa hiyo swali la kwanza halituhukumu sana. La pili linatubana: kofia ndogo, mchezo wa vizibo na baiskeli ya kitoto haviwekwi kwa ajili ya baba wa familia. La tatu linafunga mjadala: ulikuwa uwanja wa kanisa, siku ya watoto, dakika chache baada ya Misa yao. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010, lilitaka mahali wanapokusanyika watoto pasiwe na matangazo ya vyakula na vinywaji vyenye sukari, mafuta yasiyofaa au chumvi nyingi. Kwa kawaida tunafikiria shule na viwanja vya michezo. Uwanja wa parokia siku ile ulikuwa yote mawili.

Tukija kwenye ile karatasi, hapa Tanzania hatuhitaji kwenda Kanada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kanuni ya jumla hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi iliyotolewa kabla. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, na mtoto hawezi kumwakilisha mzazi wake katika ridhaa hiyo. Namba ya mama iliyotajwa na mtoto wa miaka saba akiiwazia baiskeli haiwezi kuitwa ridhaa ya mama. Jirani zetu Kenya wameonyesha kwamba mambo haya si ya makaratasi tu: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Hata hivyo, sheria haifiki kila mahali. Kijana wa miaka 15 anajua vizuri kwamba tangazo ni tangazo. Kinachomvuta yeye ni kuonekana na wenzake. Kampuni ya kubashiri mechi ikiipa timu ya vijana wa parokia jezi zenye nembo yake, haijamwomba abashiri, na pengine haitamwomba mpaka atimize miaka 18 inayotakiwa kisheria. Lakini amevaa nembo ile miaka mitatu mbele ya kanisa lake, na siku akitimiza umri hataiona kama mgeni.

Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii liliandika mwaka 1997 kuhusu maadili katika matangazo, likaeleza kwamba matangazo yanayotumia wepesi wa watoto kuamini, ili wakawasumbue wazazi wanunue, yanavunja heshima ya pande zote mbili na kujipenyeza katika uhusiano wao. Mtoto aliyerudi nyumbani akililia vizibo vitano alitumwa na muuzaji kwa mama yake, na sisi tulikuwa kituo cha njiani. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1136, inasema malezi ya watoto ni wajibu mzito kabisa na haki ya kwanza ya wazazi. Mzazi anapomwacha mwanawe mikononi mwa katekista au frateri, anatukopesha sehemu ya haki hiyo kwa kazi moja. Hatuna ruhusa ya kumkopesha mtu mwingine.

Tunajua parokia nyingi zisipopata mfadhili, watoto wataketi juani. Hatusemi mahema yakataliwe. Tunasema bei yake isiwe watoto. Paroko na halmashauri ya walei wanaweza kumwandikia mfadhili kabla ya sherehe: shukrani zitatangazwa kwa watu wazima mwisho wa Misa, hakuna nembo itakayovalishwa mtoto, hakuna mchezo wa kununua ili kushinda, hakuna jina wala namba itakayochukuliwa. Mfadhili aliyetaka kusaidia atatia sahihi. Akisita kwenye sharti la namba za simu, tutakuwa tumejua alichokuja kutafuta, na mikeka ya jumuiya chini ya mwembe itatosha mwaka huo.

Kwa yule mama tulirudi na paroko, tukamwomba radhi. Karatasi zenyewe hatukuweza kumrudishia.