Mgawo si bei: Kwa nini wimbo uliosikilizwa mara laki moja huleta senti

Majuzi alinijia ofisini kijana mmoja niliyemfundisha isimu miaka michache iliyopita. Siku hizi anaongoza bendi ya watu wanne, na nyimbo zao nyingi amezitunga yeye mwenyewe. Baada ya kuamkuana, alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne akaitandaza mezani pangu. Ilikuwa taarifa ya malipo kutoka kwa kampuni iliyowarekodi. Wimbo wao mmoja ulikuwa umesikilizwa mara 100,000 kwa mwezi katika jukwaa moja la muziki mtandaoni. Malipo yalikuwa shilingi 5,500.

"Mwalimu," akasema, "hebu gawanya. Wananilipa senti tano na nusu kila wimbo unapochezwa. Hata peremende sipati."

Alitaka nimsaidie kuandika barua kali ya kuwashutumu wenye jukwaa. Nilimwomba asubiri kidogo, kwa kuwa sipendi kutia saini shutuma ambayo sijaielewa. Tulikaa na kalamu na karatasi hadi jua likatua, na tuliyoyagundua yamenifanya niandike makala haya. Nina yakini kwamba wapo wanafunzi wengi wanaorekodi nyimbo katika mabweni yao, na walimu wengi wanaoulizwa swali hilo hilo wasiwe na jibu.

Kosa la kwanza, kwa maoni yangu, limo katika lugha. Tunaposema kuwa mwanamuziki "hulipwa kwa kila mara", tunazungumza kama kwamba yeye ni mchuma chai anayelipwa kwa kila kilo. Mchuma chai huijua bei ya kilo kabla hajajitwika kikapu. Kampuni za utiririshaji, yaani zile zinazotuwezesha kusikiliza muziki mtandaoni bila kuununua, aghalabu hazina bei ya namna hiyo. Mwanamuziki hafanani na mchuma chai bali na mkulima anayengoja bonasi: kwanza fedha zote hukusanywa, kisha hugawanywa, na baada ya hapo ndipo mtu hujua kilo moja imemletea nini. Senti tunazozilalamikia ni jibu la hesabu ya kugawanya. Hakuna aliyekaa akazipanga.

Hebu tuifanye hesabu yenyewe kwa tarakimu rahisi za kubuni, zinazofuata utaratibu wa kweli. Chukua nchi yenye wasikilizaji 1,000,000, kila mmoja akilipa ada ya shilingi 300 kwa mwezi. Jumla ni shilingi milioni 300. Kampuni kubwa kama Spotify hubaki na takriban theluthi moja ya mapato na kuwapa wenye haki theluthi mbili hivi. Tuseme jukwaa letu labaki na asilimia 30, yaani milioni 90. Zinazosalia, milioni 210, hutiwa katika makapu mawili, kwani wimbo mmoja una haki mbili. Ipo haki ya rekodi, yaani ya sauti iliyonaswa studioni. Na ipo haki ya utunzi, yaani ya maneno na lahani. Kapu la rekodi ndilo kubwa. Tulitilie milioni 165, na lile la utunzi milioni 45.

Sasa, wasikilizaji hao wamecheza nyimbo ngapi? Tuseme kila mmoja husikiliza nyimbo 20 kwa siku, sawa na 600 kwa mwezi. Kwa wote ni mara milioni 600. Gawanya milioni 165 kwa milioni 600 na utapata senti 27 na nusu. Hiyo ndiyo inayoitwa "bei ya kila mara".

Msomaji na aangalie ajabu iliyopo hapa. Lau wananchi hao wangepunguza kusikiliza, wakacheza nyimbo 300 kwa mwezi badala ya 600, "bei" ingepanda mara mbili ikawa senti 55, ilhali hakuna shilingi hata moja iliyoongezeka kapuni. Na wakizidi kuupenda muziki wakacheza nyimbo 1,200, "bei" itashuka hadi chini ya senti 14. Ada ni ile ile, wasikilize wasisikilize. Kwa hivyo senti kuwa chache si lazima iwe dalili ya wizi. Huenda ikawa dalili ya watu kusikiliza sana.

Hii ndiyo sababu pia kulinganisha majukwaa kwa "bei" hupotosha. Mnamo mwaka wa 2021, Apple Music ilitangaza kwamba kwa wastani hulipa takriban senti moja ya dola kila wimbo unapochezwa, kiasi kinachozidi kile kinachokadiriwa kwa Spotify. Lakini Spotify ina wasikilizaji wengi wasiolipa chochote, ambao huvumilia matangazo ya biashara, na tangazo halileti fedha kama ada. Wasikilizaji hao huongeza idadi ya nyimbo zinazochezwa kuliko wanavyoongeza fedha. Fauka ya hayo, hesabu hufanywa nchi kwa nchi. Spotify ilipoingia Kenya mwaka wa 2021, ada yake iliwekwa chini ya ile ya Marekani. Maadamu ada ni ndogo, wimbo unaochezwa Kisumu hauna uzito wa ule unaochezwa Boston, hata kama ni wimbo ule ule.

Turejee kwa kijana wangu. Kwa hesabu yetu, mara 100,000 zikizidishwa kwa senti 27 na nusu ni shilingi 27,500. Yeye alipokea 5,500. Zilizobaki, shilingi 22,000, zilikwenda wapi?

Nilimuuliza kama anao mkataba. Alikuwa nao katika simu, lakini hakuwa ameusoma tangu siku ya kuutia saini. Tuliusoma pamoja. Ukurasa wa tatu ulieleza bayana kwamba kampuni ya kurekodi ndiyo mmiliki wa rekodi, na kwamba bendi itapata asilimia 20 ya mapato yake. Asilimia 20 ya 27,500 ni 5,500. Jukwaa halikumlipa yeye kamwe. Liliilipa kampuni, nayo ikamkatia fungu lake. Na hizo 5,500 zikigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja anapata shilingi 1,375. Barua aliyotaka tuandike ingekuwa na anwani isiyo sahihi.

Kisha tukaligeukia kapu la pili, lile la utunzi. Milioni 45 kugawanya kwa milioni 600 ni senti saba na nusu. Mara 100,000 huleta shilingi 7,500, kiasi kinachozidi malipo yote ya karatasi ile. Fedha hizi hazipitii kwa kampuni ya kurekodi. Hufuata njia nyingine, ya vyama vinavyokusanya mirabaha ya watunzi, na humfikia mtunzi ikiwa jina lake na jina la wimbo vimesajiliwa. Kijana alinitazama kimya. Hakuwa amejisajili popote. Alidhani kwamba aliyerekodi ametunga, na aliyetunga amerekodi, mambo yakaisha.

Hapa atazuka msomaji aniulize: je, unawatetea matajiri wa majukwaa? La hasha. Mgawo wenyewe una kasoro, na nitaitaja moja iliyo wazi. Mchukue mwalimu anayesikiliza taarabu tu, mara 50 kwa mwezi. Jirani yake huacha muziki wa vijana ukicheza kutwa, mara 1,150. Wote wawili wamelipa 300, na kutoka kwa kila mmoja shilingi 165 zimeingia katika kapu la rekodi. Taarabu itapata mara 50 kwa senti 27 na nusu, yaani shilingi 13 na senti 75. Shilingi 151 na senti 25 za mwalimu zitakwenda kwa wanamuziki ambao huenda hajapata kuwasikia maishani mwake. Anayecheza sana ndiye anayeamua fedha za anayecheza kidogo ziende wapi.

Upo utaratibu mwingine: fedha za kila msikilizaji zigawanywe miongoni mwa wale tu aliowasikiliza. SoundCloud ilianza kuutumia kwa baadhi ya wanamuziki wake mwaka wa 2021. Chini ya utaratibu huo, shilingi 165 zote za mwalimu zingekwenda kwa taarabu, na kila mara ingekuwa shilingi tatu na senti 30. Binafsi nauona kuwa wa haki zaidi. Hata hivyo tusijidanganye. Kapu halinenepi kwa kubadilisha mkono unaogawa; anachopata wa taarabu kinatoka kwa mwingine. Na utafiti uliochapishwa Ufaransa mwaka huo huo na taasisi ya taifa ya muziki ulionyesha kwamba kwa wanamuziki wengi wadogo tofauti ingekuwa ya yuro chache tu kwa mwaka.

Kasoro ya pili inawagusa wanafunzi moja kwa moja. Tangu mwaka wa 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haupati chochote katika kapu la rekodi la Spotify. Kampuni hiyo husema kuwa visenti hivyo havikuwa vikiwafikia wenyewe, kwa sababu ya ada za benki na viwango vya chini vya kutoa fedha. Huenda ni kweli. Lakini fedha hizo hazirudi kwa msikilizaji. Huongezwa katika mafungu ya wengine. Aliye nacho ameongezewa.

Mwisho, ni vyema kukumbuka "mara moja" ni kitu gani. Redio inapocheza wimbo mara moja, huenda ukasikika na watu 100,000 kwa pamoja. Katika utiririshaji, mara moja ni sikio moja, na inatosha lisikilize sekunde 30. Laki moja inatisha kwa kuitazama, lakini katika hesabu yetu ni sawa na muziki wote uliosikilizwa na watu 167 hivi kwa mwezi mmoja. Ndivyo ilivyo: kijana wangu alikuwa na laki moja katika bahari ya milioni 600.

Hatukuandika barua ya gazetini. Tuliandika mbili nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba usajili wa nyimbo zake kama mtunzi. Ya pili ilikwenda kwa kampuni ya kurekodi, kuomba asilimia ile izungumzwe upya mkataba utakapokwisha, miaka miwili ijayo. Kwa sasa amefungwa na saini yake mwenyewe, na hakuna hesabu yangu iwezayo kumfungua.

Basi enyi wanafunzi mlio na kalamu mkononi mbele ya mkataba, msiulize kwanza kila mara italipwa senti ngapi, kwani hakuna awezaye kuwaambia kwa yakini. Ulizeni: rekodi itakuwa mali ya nani? Asilimia yangu ni ya nini? Na jina la mtunzi limeandikwa wapi? Kijana wangu aliyauliza hayo akiwa amechelewa. Alipokuwa akiikunja karatasi yake mlangoni, alisema jambo moja tu: "Mwalimu, kumbe ukurasa wa tatu ndio uliokuwa wimbo wenyewe."