UCHAMBUZI: Kwa nini fedha hukimbilia yeni dunia inapoingiwa na hofu?

Na Mwandishi Wetu

SEPTEMBA 15, 2008, benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilipofilisika, masoko ya hisa yaliporomoka karibu kote duniani. Uchumi wa Japani nao uliyumba. Hata hivyo, sarafu yake, yeni, ilipanda thamani kwa kasi. Kulikoni?

Jibu halimo katika mapenzi ya wawekezaji kwa Japani, bali katika madeni yao. Kabla ya msukosuko huo, Benki Kuu ya Japani ilikuwa ikitoza riba ya asilimia 0.5 tu, ilhali ile ya Australia ilifikia asilimia 7.25. Wajanja walikopa Tokyo na kuwekeza Sydney, wakala tofauti.

Tuchukue mfano wa mtu aliyekopa yeni milioni 10 Julai 2008, wakati dola moja ya Australia ilipouzwa kwa takriban yeni 100. Alipata dola 100,000, na kwa mwaka angetarajia faida ya dola zipatazo 6,700. Lakini mwishoni mwa Oktoba dola hiyo ilishuka chini ya yeni 60. Dola zake 100,000 sasa hazikutosha hata kununua yeni milioni sita, na deni lilikuwa palepale, yeni milioni 10.

Aliyemkopesha alidai dhamana zaidi. Mkopaji hakuwa na budi kuuza dola zake na kununua yeni ili alipe. Maelfu walifanya hivyo kwa wakati mmoja, yeni ikapanda zaidi, na kupanda huko kukawabana wengine waliokuwa bado wamesita.

Hali hiyo ilijidhihirisha tena Machi 2011. Siku chache baada ya tetemeko na tsunami kuikumba Japani, yeni ilipanda hadi 76.25 kwa dola ya Marekani. Wafanyabiashara waliamini kwamba kampuni za Japani, nchi iliyokuwa imeikopesha dunia kwa miaka mingi, zingerejesha fedha nyumbani kugharimia hasara. Machi 18, nchi saba tajiri ziliingilia kati kwa pamoja kuishusha.

Kimbilio hilo, hata hivyo, lina mipaka. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoitia dunia hofu, yeni haikupanda. Oktoba mwaka huo ilishuka hadi kupita yeni 150 kwa dola. Safari hii Marekani ilikuwa ikipandisha riba kupambana na mfumuko wa bei, na Japani ilikuwa imeibakiza yake chini ya sifuri. Kuhama na kwenda kwenye dola kulilipa zaidi.

Kwa hiyo, anayetaka kujua fedha zitakimbilia wapi hofu itakapozuka, asiulize tu ni nchi gani yenye utulivu. Aulize pia watu walikopa kwa sarafu ipi, maana ndiyo watakayolazimika kuitafuta.