Mkoromo wa Paka



Mtoto anapompakata paka na kuusikia ule mvumo mdogo ukitoka kifuani mwake, aghalabu huuliza: mbona anakoroma na hajalala? Sisi wakubwa humjibu upesi kwamba paka amefurahi, kisha tukarudi kwenye shughuli zetu. Jibu hilo si la uongo, ila ni kipande tu cha jibu. Paka hukoroma akiwa ameshiba na kupakatwa, hukoroma akidai chakula, hukoroma akizaa, na hukoroma pia akiwa mgonjwa mahututi. Basi mwenye kujua kile kipande kimoja yamkini akamsikia paka wake akikoroma chini ya kitanda, akadhani ameridhika, kumbe yu katika maumivu makali.

Uturuki wazee huwaambia watoto kwamba paka akoromaye anadhukuru. Ni maneno ya mapenzi, nasi hatuna haja ya kuyagombeza. Leo twataka kulitazama koromeo lenyewe, kisha tuulize sauti hiyo yamfaa nini paka mwenyewe.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu aweza kulijaribu nyumbani. Paka anapolia nyau, sauti hutoka pamoja na pumzi, na pumzi ikiisha sauti hukatika, kama tunavyosema sisi. Mkoromo sivyo. Mwekee kiganja ubavuni akiwa anakoroma, utahisi mbavu zikipanda na kushuka, na mtetemo ukiendelea akivuta pumzi na akiitoa, ukibadilika kidogo tu pale pumzi inapogeuka. Mtetemo huo hupiga takriban mara 25 hadi 30 kwa kila sekunde. Hiyo ni sauti nzito mno kwa mnyama wa kilo nne. Sauti ya mwanamume anayezungumza hutetema mara mia moja na zaidi kwa sekunde, na yule ni mkubwa kuliko paka mara nyingi. Kwa kawaida mwili mdogo hutoa sauti nyembamba, basi paka ameipata wapi besi hii?

Kwa muda mrefu jibu lililokubaliwa lilikuwa la wataalamu wawili, Remmers na Gautier, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1972. Walieleza kwamba ubongo wa paka hupeleka amri za haraka kwenye misuli ya koromeo, nayo hukaza na kulegea mara kadhaa wa kadhaa kwa sekunde, ikifunga na kufungua njia ya pumzi. Mwaka 2023 kundi la watafiti lililoongozwa na Christian Herbst wa Vienna, Austria, liliongeza jambo la ajabu. Walichukua makoromeo ya paka wanane waliouawa kwa huruma kwa sababu ya maradhi yasiyopona, kwa idhini ya wenyewe, wakapitisha ndani yake hewa yenye joto na unyevu. Makoromeo hayo, yasiyo na ubongo wala mshipa wa kuyaamrisha, yalitoa sauti nzito ya kiwango kile kile cha mkoromo. Walipochunguza wakakuta ndani ya nyuzi za sauti mna vijinyama laini, mfano wa vijito vidogo, vinavyozifanya nyuzi hizo ziwe nzito na kutetema polepole. Haikuthibitika kwamba paka aliye hai hatumii misuli yake kabisa. Huenda mambo yote mawili hufanya kazi pamoja. Lakini besi ya paka imepata maelezo: ni uzito uliowekwa ndani ya uzi.

Sasa tuje kwenye maana, na maana huanzia kwenye ule mwanzo wa maisha. Kitoto cha paka huzaliwa macho yamefumba na masikio hayajafunguka. Hamwoni mama yake wala hasikii akiita. Anachoweza ni kuhisi joto, harufu na mtetemo. Mama hulala ubavu, hukoroma, na mtetemo wa mwili wake ni miongoni mwa vitu vinavyowavuta wanawe kwenye maziwa. Baada ya siku chache vitoto navyo huanza kukoroma wakinyonya. Kina mama waliolea watatambua faida yake mara moja: kitoto hawezi kulia bila kuachia chuchu, lakini kwa kuwa mkoromo hauhitaji kinywa kufunguliwa, aweza kunyonya na kukoroma kwa wakati mmoja. Mama hupata habari kwamba mwana yupo, amefika, anaendelea. Tena sauti yenyewe ni ndogo, haifiki mbali, hivyo adui aliye nje ya pango hapati habari hiyo.

Kwa maoni yetu hapo ndipo ulipo ufunguo wa jambo zima. Mkoromo ni maneno ya karibu, baina ya viumbe wawili waliogusana, na maana yake ya asili yaelekea kuwa: kaa nami, usiondoke. Ukiisoma hivyo, haishangazi tena kwamba sauti moja hutumika katika raha na katika dhiki. Mtoto aliyeshiba hutaka mama abaki, na mtoto anayeumwa hutaka vivyo hivyo.

Paka mkubwa wa nyumbani ameuchukua ujumbe huo wa utotoni akatuelekezea sisi. Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alikuwa na paka wake aliyemwamsha kila asubuhi kwa mkoromo wenye kero isiyo ya kawaida. Alipoazimia kuuchunguza, yeye na wenzake waliwaomba wenye paka wawarekodi wenyewe majumbani, kwa kuwa paka wengi hawakoromi hivyo mbele ya wageni. Mwaka 2009 walichapisha walichokiona. Ndani ya mkoromo wa kudai chakula mlikuwa na sauti nyingine nyembamba iliyojificha, inayokaribia kilio cha mtoto mchanga. Watu waliosikilizishwa, hata wasiofuga paka, waliuona mkoromo huo kuwa wa haraka na usiopendeza kuliko ule wa raha. Na sauti ile nyembamba ilipopunguzwa, uharaka nao ukapungua. Mwenye kuamshwa alfajiri na paka wake, basi, ajue kwamba anaitwa kwa sauti inayogusa mahali pale pale panapoguswa na kilio cha mtoto.

Mkoromo wa maumivu ndio ulio na hatari, nao hauna sauti ya pekee ambayo sikio letu laweza kuitegemea. Tuchukue mfano ambao madaktari wa wanyama huuona mara kwa mara. Paka dume wa miaka mitatu tangu jana hajagusa samaki wake. Amejikunyata nyuma ya kabati. Ukimpapasa kichwa anakoroma, nawe wasema moyoni, si neno, amechoka na joto. Lakini mtazame. Huenda kwenye mchanga wake au kwenye kona ya ua mara kumi kwa saa, huchutama, hujikaza, na hapatoki kitu, au hutoka tone moja lenye damu. Hujiramba chini ya mkia bila kukoma. Tumbo ni gumu, na akiguswa hapo hukunja mwili. Huyo amezibwa mkojo. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, na punje za chumvi au ute hutosha kuifunga. Sumu iliyopaswa kutoka hubaki katika damu, na paka aweza kufa katika muda wa siku mbili tatu. Hana dawa ya nyumbani. Atiwe kikapuni apelekwe kwa daktari wa wanyama saa hiyo hiyo, hata kama njia nzima anakoroma.

Kwa hivyo tusihukumu kwa sikio pekee, tuhukumu kwa mwili. Paka aliyeridhika hulegea: huyanyosha miguu, hukanyagakanyaga nguo kama anayekanda unga, hula, hujisafisha manyoya. Paka anayeumwa huinamisha kichwa chini ya usawa wa mabega, macho huyafumba nusu kwa kuyabana, masikio huyatenganisha na kuyageuzia nje, midomo na pua hukakamaa, na manyoya huachwa bila kurambwa. Mkoromo ukiandamana na hayo, ni wito. Na paka aliyekataa chakula siku mbili asingojewe siku ya tatu, maana mafuta ya mwili huanza kujaa kwenye ini lake, likawa gonjwa juu ya gonjwa.

Hapa hatuna budi kutaja panadoli, kwa kuwa mwenye huruma ndiye mwepesi wa kuitumia. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu. Hata nusu ya kidonge cha miligramu 500 yaweza kumwua: ufizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, uso na miguu huvimba, pumzi hubana. Asipewe hata chembe.

Wapo wasemao kwamba paka hukoroma ili ajitibu, kwamba mtetemo wa mara 25 au 50 kwa sekunde huimarisha mifupa na kuponya vidonda. Wazo hilo lilienezwa na Elizabeth von Muggenthaler mwaka 2001, naye alitegemea ukweli kwamba mitetemo ya viwango hivyo imetumika katika majaribio ya kutibu mifupa. Ni wazo zuri, na yamkini lina chembe ya ukweli. Lakini kulingana kwa viwango si ushahidi wa tiba. Bado haijaonyeshwa kwamba paka aliyevunjika mguu hupona upesi kwa sababu alikoroma. Sisi twaona ni karibu zaidi na akili kwamba paka mwenye maumivu hukoroma kujituliza na kuita msaada, kama mgonjwa anayeguna kitandani huku akitamani mtu aje kukaa kando yake.

Mkoromo humsumbua hata daktari. Akiweka kifaa chake kifuani mwa paka asikilize moyo, hasikii ila mvumo, na paka mwenye hofu mezani aweza kukoroma bila kusita. Madaktari wengi wana hila moja rahisi: hufungua mfereji wa maji ulio karibu. Maji yakianza kuchuruzika, paka wengi husimamisha masikio na kunyamaza, na katika nafasi hiyo fupi daktari huuwahi moyo.