Faida ya elfu hamsini iliyokosekana mfukoni

Leo naomba tuingie kidogo kwenye uhasibu. Mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopaa, mama mmoja mwenye duka la pembejeo pale Chwele, hapa Kabuchai, alinipigia simu. "Kijana wangu, kompyuta yako inasema nimepata faida ya elfu hamsini. Mbona pesa za kujaza stoo hazitoshi?"

Nilidhani programu yangu ina hitilafu. Haikuwa nayo. Nimezirahisisha tarakimu ili tufuatane: alikuwa na mifuko 20 aliyonunua kwa shilingi 4,000 kila mmoja, akaongeza 20 kwa 6,000. Akauza 20 kwa 6,500, akapokea 130,000. Nilikuwa nimeiweka programu kwenye FIFO, yaani kilichoingia kwanza ndicho kinachohesabiwa kuwa kimetoka kwanza, hata kama kijana wa stoo alibeba mfuko wa juu ulioletwa jana. Gharama ikawa 80,000, faida 50,000.

Njia ya wastani huchanganya bei kila mzigo mpya unapoingia:

```
wastani = (idadi*wastani + mpya*bei) / (idadi + mpya)
```

Hapo kila mfuko unagharimu 5,000. Gharama inakuwa 100,000, faida 30,000. Zile 20,000 hazijapotea. Zimebaki ndani ya thamani ya mifuko iliyo stoo. Akimaliza 20 iliyosalia kwa bei ileile, FIFO itampa faida ya 10,000 na wastani 30,000. Jumla ni 60,000 kwa njia zote mbili. Kinachobadilika ni lini faida inaonekana.

Lakini huyo "lini" ana makali. Mama akitoa 50,000 za karo, anabaki na 80,000, ambazo zinanunua mifuko 13 tu kwa 6,000. Akitoa 30,000, ananunua 16. Hata wastani haumrudishii mifuko yake 20, maana nao bado unakumbuka bei ya zamani. Ila unadanganya kidogo zaidi, na ndiyo sababu kwenye programu yangu sasa wastani ndio chaguo-msingi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinakubali njia zote mbili, mradi usirukeruke kila mwaka ukitafuta faida inayokupendeza. Pembeni nimeongeza safu moja: bei ya kununua leo. Mama huangalia hiyo kabla ya kugusa droo.

Septemba 2022 serikali ikaleta mbolea ya ruzuku kwa 3,500 mfuko wa kilo 50. Aliyebaki na mzigo wa bei ya juu alilazimika kuushusha kwenye vitabu hadi kiasi anachoweza kuuzia. Wa FIFO, aliyeuandika kwa 6,000, aliumia zaidi kuliko wa wastani aliyeuandika kwa 5,000. Faida aliyoiona mapema ilirudi kudaiwa.