Umaskini na ukuaji wa uchumi: tusome nini, na kwa mpangilio upi

Wanafunzi wa uzamili waliojiandikisha katika semina yangu ya umaskini na ukuaji wameniomba orodha ya kusoma kabla ya muhula kuanza. Naiweka hapa, kwa kuwa najua watumishi wa wizara na wanaharakati kadhaa nao huisubiri. Semina nyingi za aina hii huanza na mabishano: je, utandawazi umewasaidia maskini au umewaumiza? Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hubishana miezi minne juu ya namba asiyojua ilivyopatikana. Mimi naanza na namba.

Someni kwanza kitabu cha Amartya Sen cha mwaka 1981 kuhusu njaa na umaskini, hasa sura za mwanzo zinazouliza maskini ni nani na tumhesabu vipi. Kisha someni makala fupi ya Foster, Greer na Thorbecke ya mwaka 1984. Ina hisabati, lakini wazo lake ni jepesi. Chukueni mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi wa Tanzania Bara wa mwaka 2017/18, yaani shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mama mmoja anatumia shilingi 48,000, mwingine 20,000. Halmashauri ina shilingi 2,000 tu za kutoa. Ikimpa wa kwanza, idadi ya maskini inapungua kwa mmoja na mkuu wa idara ana la kuripoti. Ikimpa wa pili, ripoti haibadiliki hata chembe. Swali la wiki ya kwanza ni hili: ofisi yenu inapimwa kwa kipimo kipi, na kipimo hicho kinamshawishi mtumishi kumsahau nani?

Hatua ya pili ni uhusiano wa ukuaji na mgawanyo. Hotuba ya Simon Kuznets iliyochapishwa mwaka 1955 isomwe yote, kwa sababu wanaomnukuu husahau kwamba yeye mwenyewe alikiri kuwa sehemu kubwa ya hoja yake ni makisio. Baada yake someni Dollar na Kraay, 2002. Walikusanya takwimu za nchi 92 wakaona kwamba, kwa wastani, mapato ya moja ya tano ya watu walio chini kabisa hupanda sambamba na mapato ya wote. Msiidharau makala hii kwa sababu tu waandishi wake walikuwa Benki ya Dunia. Ulizeni badala yake: wastani wa nchi 92 unaniambia nini kuhusu nchi moja? Martin Ravallion alilijibu hilo mwaka 2001, na jibu lake linatupeleka nyumbani.

Hapa ndipo nitakapotumia wiki nyingi kuliko pengine pote. Kati ya mwaka 2001 na 2007 uchumi wa Tanzania ulikua kwa takriban asilimia 7 kwa mwaka. Ondoeni ongezeko la watu, karibu asilimia 3, mnabaki na asilimia 4 kwa kila kichwa. Kwa miaka sita hiyo ni zaidi ya robo. Lakini Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya ulionyesha umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ukishuka kutoka asilimia 35.7 hadi 33.6 tu. Chukueni kijiji cha watu 100 chenye maskini karibu 36. Baada ya miaka sita kina watu 118 hivi, na asilimia 33.6 yao ni karibu 40. Kiwango kimeshuka, maskini wameongezeka. Waziri na mpinzani wake wanaweza kusimama bungeni siku moja, kila mmoja akasema kweli.

Maelezo ya kawaida ni kwamba ukuaji ulikuwa kwenye madini, ujenzi, simu na mabenki, ilhali maskini wengi walikuwa shambani, na kilimo kilikua polepole zaidi. Naamini ni kweli, lakini si kweli yote. Someni Atkinson na Lugo, waliochambua ukuaji, umaskini na mgawanyo hapa Tanzania, huku mkiwa na jambo moja mkononi. Mstari wa umaskini ulipandishwa kutoka shilingi 7,253 mwaka 2000/01 hadi 13,998 mwaka 2007, ongezeko la asilimia 93, ili kufidia kupanda kwa bei. Mfumuko rasmi wa bei wa miaka hiyo haukukaribia hapo. Hata tukichukua asilimia 7 kila mwaka, ambayo ni ya juu, miaka sita inatufikisha asilimia 50 tu. Kwa hiyo bei zinazotumika kupima umaskini na bei zinazotangazwa kila mwezi zilisimulia habari mbili tofauti. Tukitumia za pili, umaskini unaonekana kushuka sana. Tukitumia za kwanza, umeganda. Kikapu kipi kinafanana na cha mtu anayenunua unga na mafuta ya taa kwa vipimo vya rejareja? Nataka kila mwanafunzi achague upande na autetee kwa maandishi.

Swali hilo si la darasani tu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kuchapisha takwimu zenye nia ya kupinga au kupotosha zile rasmi, na kipengele hicho kililegezwa mwaka 2019. Kazi ya muhula ninayowapa ingekuwa ya hatari kwa miezi kadhaa. Nashikilia kwamba Ofisi ya Taifa ya Takwimu inaheshimiwa zaidi pale mtu wa nje anaporudia hesabu zake.

Baada ya hapo tu ndipo tuingie kwenye mabishano. Nitatumia matatu. La kwanza ni la dodoso lenyewe: Beegle na wenzake walichapisha mwaka 2012 jaribio lililofanyika Tanzania, ambamo kaya ziligawiwa kwa bahati nasibu mbinu nane za kuuliza matumizi, kuanzia shajara ya kila siku hadi kumbukumbu ya mwezi. Majibu yalitofautiana kwa kadiri ya mbinu. La pili ni la Kagera. Watafiti waliwafuatilia watu waliohojiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi mwaka 2004, popote walipohamia, wakakuta waliohama wamewapita waliobaki kwa asilimia 36 katika ongezeko la matumizi. Je, ukuaji huwafuata maskini, au maskini ndio huufuata ukuaji?

La tatu ndilo gumu. Brockington na Noe, katika kitabu walichokihariri mwaka 2021, wanaonyesha vijiji vya Tanzania vilivyotembelewa upya baada ya miaka mingi. Wanakijiji wenyewe hupima utajiri kwa ardhi, mifugo, nyumba ya matofali na bati. Lakini tafiti za kaya hupima matumizi, na fedha za kujengea nyumba au kununulia shamba haziingii kwenye hesabu hiyo. Familia inayojinyima ili ipandishe ukuta inaweza kuonekana maskini zaidi mwaka ule ule inaposonga mbele. Njooni na jibu la swali hili: je, kijiji hicho kilinufaika na ukuaji au la, na nani ana haki ya kusema?