Kabla hujasema "ni utani tu"

Mngoni akifika nyumbani kwa Mhehe na asimwone mbwa uani, hahitaji kufikiri la kusema. Atauliza kama ndiye kitoweo cha leo. Mhehe naye hanyamazi. Atamwuliza mgeni kama Wangoni siku hizi wanalima, au bado wanangoja wenzao wavune ndipo waje kupora. Wakishachekana, mgeni anavutiwa kiti na chakula kinatengwa.

Wazazi wengi wa mjini tumeurithi utani huu bila kujua ulikotoka. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, enzi za Munyigumba na mwanawe Mkwawa, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Waliporudi kwenye amani, yale matusi ya vitani yaligeuka kicheko. Neno ambalo zamani lingemtoa mtu mkuki, sasa linamtoa kuku.

Ndiyo maana utani una masharti. Nenda kwenye msiba wa mtu mzima ukawaangalie watani. Mmoja amevaa koti la marehemu na anatembea kama yeye. Mwingine amejilaza njiani, jeneza halipiti mpaka atoe mtu hela. Lakini watani haohao ndio mara nyingi wamechota maji, wamepasua kuni na kushika majembe kaburini. Wamenunua haki ya kucheka kwa jasho. Na marehemu akiwa mtoto mdogo, mtani mwenye akili zake hubaki na jembe, ulimi akaufungia mdomoni.

Sasa, kuna mzaha wa pili ambao Wahehe hutupiwa, na karibu kila Mtanzania ameusikia: kwamba Mhehe ukimuudhi hukimbilia kamba. Mhehe mwenye majibu atakurudishia kwamba Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai, wala hapakuwa na kamba hapo. Watacheka, yataisha. Hata hivyo mzaha huu haulingani na ule wa mbwa. Wa mbwa haumgusi mtu yeyote aliye mezani. Wa kamba unaweza kumkuta mtu aliyekwisha kuzika ndugu yake kwa sababu hiyo, au anayelala usiku akiifikiria.

Kuna familia moja ninayoifahamu, baba ni Mngoni, mama ni Mhehe. Mdogo wake mama alijitoa uhai miaka miwili iliyopita. Kwenye msiba ule watani wa Kingoni walikuja, wakachimba kaburi, wakadai hela ya soda, wakamwigiza marehemu alivyokuwa akipiga mluzi. Neno kamba halikutajwa na yeyote. Hakuna aliyewaonya, walijua wenyewe.

Baadaye mtoto wao wa kiume, yuko kidato cha pili, alipata matokeo mabaya. Siku ya chakula cha pamoja alikaa kimya, akachezea wali wake. Baba yake mdogo akaona nafasi ya kuwachangamsha watu: "Huyu damu ya wajomba zake imempanda. Ficheni kamba!" Meza nzima ikacheka. Na mtoto akacheka.

Hapo ndipo wazazi wengi tunapodanganyika. Mtoto akicheka tunadhani ameupokea. Lakini mama alimtazama macho. Kijana alicheka huku akizungusha macho kwa watu, mmoja baada ya mwingine, kama anayehesabu ni wangapi wanacheka. Hakujibu kitu. Anayetaniwa na akafurahi hujibu, hata kama jibu lake ni baya. Mkono wake tayari unatafuta jiwe la kurudishia. Baada ya siku ile, baba mdogo akifika, kijana anakumbuka kazi ya shule chumbani. Jumapili mbili mfululizo alisema ameshiba.

Ukiutazama mzaha ule kwa kanuni za utani wenyewe, haukuwa na miguu. Mtoto huyu ni Mngoni kwa baba yake. Utani wa Wangoni na Wahehe uko kati yake na wajomba zake, si kati yake na baba yake mdogo. Baba mdogo ni baba. Angemrushia shemeji yake, yaani mama wa mtoto, angepata majibu yake papo hapo. Alimrushia mtoto, ambaye heshima inamkataza kumjibu, na ambaye angejibu angeambiwa hana adabu. Utani ambao upande mmoja umefungwa mdomo ni kusemwa tu, hata kama unaitwa utani.

Mtani halali wa mtoto nyumbani ni babu na bibi. Bibi akimwita mjukuu "mume wangu" na kulalamika kwamba hajaletewa kanga, mjukuu ana ruhusa ya kumjibu kwamba haoi mwanamke asiye na meno. Hata hapo, mwangalie mtoto. Binti anayeanza kubalehe anaweza kulichoka jina la "mke wangu" ambalo alilifurahia akiwa na miaka sita, na akisema halipendi, babu aambiwe na liachwe.

Mama yule hakwenda kugombana na shemeji yake, maana alijua atajibiwa kwamba ni utani tu. Alianza na mtoto. Jioni, wakiwa wawili wakichambua mchele, alimwuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru kama mjomba. Wazazi wengi tunaogopa swali hili tukidhani litampa mtoto wazo. Halimpi. Linampa mlango. Kijana alisema hapana, ila kila anapokasirika sasa anajiuliza kama kweli ni damu. Na akaongeza kwamba hata angekuwa na wazo hilo, asingemwambia mtu, maana wangecheka. (Angejibu ndiyo, safari ingekuwa ya hospitali siku ileile, na mtoto asingeachwa peke yake.)

Kisha mama akampigia simu babu mzaa baba, kwa sababu yeye ni baba wa mkosaji na ni mtani wa mtoto, anaweza kusema pande zote mbili. Babu hakuitisha kikao. Alimwambia mwanawe kwamba ametania asipokuwa na utani, na mwenye kukosea utani hulipa: jogoo mmoja, apelekwe kwa shemeji yake, na neno lile lisisikike tena katika nyumba ile. Alimkataza pia kulirusha kwenye kundi la familia la Watsapu, ambako mzaha hauoni sura ya anayeusoma, na mtoto anaukuta saa sita za usiku akiwa peke yake.

Baba mdogo alikuja na jogoo Jumamosi. Alimwita kijana nje, wakakaa kwenye ngazi muda mrefu. Walichosemezana mama hakukiuliza. Jogoo alipopikwa, mama alimtengea shemeji yake paja na kumwambia ale bila wasiwasi, leo ni kuku, mbwa wamekwisha. Shemeji akasema ndiyo maana usiku wa Iringa ni kimya. Kijana aliongeza wali.

Kwa babu anapiga simu kila Jumapili. Wanagombania nani atamrithi bibi.